Saa Moja na Robo Si 1.15

Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2019, katika bustani ya Prater jijini Vienna, Austria, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kabla ya siku hiyo, hakuna binadamu aliyekuwa amemaliza umbali wa marathoni chini ya saa mbili. Mbio hizo hazikuingizwa katika orodha ya rekodi rasmi, kwa sababu zilipangwa kwa ajili yake peke yake na wakimbiaji wa kumsaidia walikuwa wakipokezana njiani. Hata hivyo umbali ulipimwa na muda ukapimwa, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuuliza: Kipchoge alikuwa akienda kilomita ngapi kwa saa?

Mwanafunzi anachukua kikokotoo. Anajua kwamba umbali hugawanywa kwa muda. Anabonyeza 42.195, anagawanya kwa 1.59, na kioo kinamwonyesha 26.5. Anaandika jibu: kilomita 26.5 kwa saa.

Jibu hilo si sahihi, na halikukosewa kidogo. Mtu anayekimbia kilomita 26.5 kila saa angekata utepe wa Vienna baada ya saa 1 na dakika 35 tu, dakika 24 kabla ya Kipchoge. Mwendo halisi wa Kipchoge ulikuwa kilomita 21.2 kwa saa. Mwanafunzi alijua kanuni, alitumia umbali sahihi, na kikokotoo chake hakikuwa na hitilafu. Kosa liko kwenye ile nukta aliyoiweka kati ya 1 na 59.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na imejificha ndani ya maneno ambayo watu huyatamka kila siku. Mtu akisema “kilomita 15 kwa saa”, amekwisha kueleza hesabu yote. Kila saa moja inapopita, kilomita 15 huwa zimeachwa nyuma. Mwendesha baiskeli anayekwenda hivyo kwa saa mbili atakuwa amefika kilomita 30, na kwa saa tatu kilomita 45. Umbali, basi, hupatikana kwa kuzidisha mwendokasi kwa muda.

Ukiugeuza uhusiano huo, unapata pande zake nyingine mbili. Aliyekwenda kilomita 45 kwa saa tatu alikuwa na mwendokasi wa kilomita 15 kwa saa, yaani umbali umegawanywa kwa muda. Na anayetaka kujua kilomita 45 zitamchukua muda gani, huzigawanya kwa kilomita 15 za kila saa, akapata saa tatu. Hakuna haja ya kukariri kanuni tatu. Ukiijua moja, nyingine mbili ni ile ile ikitazamwa kutoka upande mwingine:

```
umbali = mwendokasi × muda
mwendokasi = umbali ÷ muda
muda = umbali ÷ mwendokasi
```

Mradi muda ni saa kamili, hakuna anayepotea. Taabu huanza pale safari inapochukua saa na dakika, kwa sababu hapo namba za aina mbili hukutana katika mstari mmoja. Kilomita huhesabiwa kwa makumi: mita 1,000 hufanya kilomita moja, na kilomita 1.59 ni kilomita moja na mita 590. Saa haihesabiwi hivyo. Dakika 60, si 100, ndizo zinazokamilisha saa moja. Nukta ya desimali inajua makumi na mamia tu. Ukiandika 1.59, kikokotoo kinaelewa “saa moja na sehemu 59 za mia moja za saa”, na sehemu 59 za mia moja za saa ni dakika 35 na ushei, si dakika 59.

Hesabu ya sitini ni urithi wa zamani sana. Watu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, walihesabu kwa mafungu ya sitini, na wanajimu waliokuja baadaye wakaendelea kuyatumia mafungu hayo katika kugawa duara na muda. Sitini ina faida yake, kwani inagawanyika bila baki kwa mbili, tatu, nne, tano, sita, kumi na kumi na mbili. Theluthi ya saa ni dakika 20 kamili. Saa ingekuwa na dakika 100, theluthi yake ingekuwa dakika 33 na vipande visivyokwisha.

Kuna nchi iliyojaribu kuubadili utaratibu huo. Wakati wa mapinduzi yao, mwaka 1793, Wafaransa walipitisha sheria ya kuigawa siku katika saa 10, kila saa dakika 100, na kila dakika sekunde 100. Katika saa za namna hiyo, saa moja na dakika 59 zingekuwa 1.59 kweli, na mwanafunzi wetu angepata alama zake zote. Lakini watu walikuwa na saa zao za zamani na mazoea yao, na sheria hiyo ilisitishwa mwaka 1795. Kwa hiyo kilomita zimebaki na kumi zake na saa imebaki na sitini yake. Kazi ya kuzipatanisha inamwangukia anayefanya hesabu.

Msemaji wa Kiswahili ana msaada wa karibu katika kazi hii, nao umo kinywani mwake. Akisema safari ilichukua “saa moja na nusu”, hakuna anayemwandikia 1.30. Kila mtu anajua nusu ni 0.5, hivyo ni saa 1.5. Akisema “saa moja na robo”, robo ni moja ya nne, yaani 0.25, na muda ni saa 1.25. Akisema “saa moja na robo tatu”, ni saa 1.75. Maneno nusu na robo tayari yanaitaja dakika kama sehemu ya saa, na hicho ndicho kikokotoo kinachokihitaji. Ni pale tunapoacha kusema robo na kuanza kusema dakika 15 ndipo mkono unapovutwa kuandika 1.15.

Kubadili dakika kuwa desimali, basi, ni kuuliza swali lile lile ambalo robo imelijibu: dakika hizi ni sehemu gani ya saa? Jibu hupatikana kwa kuzigawa dakika kwa 60. Dakika 15 zikigawanywa kwa 60 ni 0.25. Dakika 45 zikigawanywa kwa 60 ni 0.75. Saa zilizo kamili haziguswi. Zinabaki zilipo, upande wa kushoto wa nukta, na zinazogawanywa ni dakika peke yake.

Kwa asiye na kikokotoo kuna njia ya kichwani. Sehemu moja ya kumi ya saa ni dakika 6, hivyo kila dakika 6 ni 0.1. Dakika 12 ni 0.2, dakika 18 ni 0.3, dakika 24 ni 0.4, na dakika 30 zinafika 0.5, ile nusu inayojulikana na wote. Dakika 3, nusu ya sita, ni 0.05. Mtu akitaka dakika 39, anahesabu sita zilizomo: ziko sita, zimekula dakika 36, zimebaki dakika 3. Jibu ni 0.6 na 0.05, yaani 0.65. Kwa dakika 40, sita sita zinafika 36 na zinabaki dakika 4. Hizi hazitoi desimali safi, kwa kuwa 4 zikigawanywa kwa 60 ni 0.0666 isiyokwisha. Hapo mtu hukadiria: dakika 40 ni kama saa 0.667. Katika hesabu ya safari, tarakimu tatu baada ya nukta zinatosha, kwani 0.001 ya saa ni sekunde 3.6 tu.

Sasa tumrudie Kipchoge. Sekunde nazo ni sehemu za sitini za dakika, kwa hiyo hesabu huanzia chini kupanda juu. Sekunde 40 zikigawanywa kwa 60 ni dakika 0.667. Zikijumlishwa na dakika 59 ni dakika 59.667. Hizo zikigawanywa kwa 60 ni saa 0.9944. Ongeza ile saa moja iliyokamilika: muda wake ni saa 1.9944. Kilomita 42.195 zikigawanywa kwa 1.9944 ni kilomita 21.16 kwa saa.

Hata kabla ya hesabu hiyo, mwanafunzi angeweza kuligundua kosa lake kwa kukisia. Muda wa Kipchoge ulikuwa karibu kabisa na saa mbili. Kilomita 42 kwa saa mbili ni kilomita 21 kwa saa, na jibu la kweli lazima likae jirani na hapo. Namba 26.5 haina nafasi. Ukaguzi huo wa kuzungusha muda hadi saa kamili iliyo karibu huchukua sekunde chache, nao hulinasa kosa hasa dakika zinapokuwa nyingi, kwa sababu hapo ndipo kosa linapokuwa kubwa.

Dakika zikiwa chache, kosa hujificha. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina urefu wa kilomita 472. Tuseme treni imeimaliza safari hiyo kwa saa 5 na dakika 20. Muda sahihi ni saa 5.333, na wastani wa mwendokasi ni kilomita 88.5 kwa saa. Aliyeandika 5.20 atapata 90.8. Majibu yote mawili yanasikika kama mwendo wa treni, na hakuna atakayeshtuka. Lakini kosa lina upande wake maalumu. Dakika zikigawanywa kwa 100 badala ya 60, muda huwa mfupi kuliko ulivyokuwa, na mwendokasi hutoka mkubwa kuliko ulivyokuwa. Isipokuwa pale mtu anapozisahau hata sifuri: dakika 5 akaziandika 0.5. Huyo amezigeuza dakika 5 kuwa nusu saa, na msafiri wake ataonekana kutambaa.

Kabla ya kubadili dakika, mara nyingi mtu hulazimika kwanza kuupata muda wenyewe kutoka kwenye saa ya ukutani, na hapo Kiswahili kina kona yake. Basi limeondoka saa 11:50 alfajiri na kufika saa 2:25 asubuhi. Ukitaka kutoa 11:50 kutoka 2:25, utakwama. Njia rahisi ni kuvuka mto kwa kupitia jiwe la katikati, nalo ni saa 12. Kutoka saa 11:50 hadi saa 12 ni dakika 10. Kutoka saa 12 hadi saa 2:25 ni saa 2 na dakika 25. Jumla ni saa 2 na dakika 35.

Tuseme basi hilo limekwenda kilomita 180. Dakika 35 kwa 60 ni 0.583, muda ni saa 2.583, na wastani ni kilomita 69.7 kwa saa. Katika barabara kuu za Kenya na Tanzania, mabasi ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Je, dereva huyu alikuwa ndani ya kikomo?

Mtu mwenye haraka atasema ndiyo, 69.7 ni ndogo kuliko 80. Lakini abiria wanakumbuka kwamba basi lilisimama dakika 20 watu wanywe chai. Dakika hizo lilikuwa limeegeshwa na halikusogea hata mita moja. Muda ambao magurudumu yalizunguka ni saa 2 na dakika 15 tu, yaani saa mbili na robo: 2.25. Kilomita 180 zikigawanywa kwa 2.25 ni kilomita 80 kwa saa, bila kuzidi wala kupungua.

Na bado hesabu haijamaliza kusema. Ili basi lipate wastani wa 80 likiwa linatembea, ama lilikwenda 80 barabara nzima bila kupunguza mahali popote, ama kila lilipopunguza kwenye tuta, kijijini au nyuma ya lori, lililipiza mbele kwa kuvuka 80. Kwa kuwa hakuna basi linalotoka kituoni likiwa tayari na mwendo wa 80, jibu ni moja. Dereva alivuka kikomo mahali fulani, ingawa hesabu haiwezi kusema ni wapi. Wastani ni jumla ya umbali kwa jumla ya muda, na yaliyotokea katikati yote humo yamechanganywa.

Safari ya kurudi kutoka desimali kwenda dakika ina mtego wake pia. Bodaboda anayekwenda kilomita 40 kwa saa ana kilomita 28 mbele yake. Atatumia muda gani? Ishirini na nane kwa arobaini ni 0.7. Hizo si dakika 70, wala si dakika 7. Ni sehemu saba za kumi za saa, na ili kuzipata dakika huzidishwa kwa 60: dakika 42. Kwenda ni kugawanya kwa 60, kurudi ni kuzidisha kwa 60, na saa kamili hukaa pembeni zikisubiri.

Wenye matrekta na jenereta wanauona mtego huo kila wiki. Kwenye dashibodi ya trekta huwa kuna mita ya kuhesabu saa za injini, na katika nyingi ya mita hizo tarakimu ya mwisho ni sehemu za kumi za saa. Mwenye shamba aliyekodi trekta anasoma 1284.3 kazi inapoanza na 1287.0 inapokwisha. Tofauti ni 2.7. Akiisoma kama saa 2 na dakika 70, atalipia saa 3 na dakika 10, ilhali kazi ilichukua saa 2 na dakika 42. Amelipia dakika 28 ambazo hazikulimwa. Kila tarakimu ya mwisho inaporuka hatua moja, ni dakika 6 zimepita.

Anayetaka kujipima na achukue kalamu, aweke kikokotoo mbali, na afanye zoezi hili kabla ya kutazama majibu.

1. Badili dakika 18 kuwa saa kwa desimali.
2. Badili dakika 33.
3. Badili dakika 5, kwa tarakimu tatu baada ya nukta.
4. Badili saa 1 na dakika 48.
5. Saa 2.4 ni saa ngapi na dakika ngapi?
6. Lori limeondoka saa 12:40 asubuhi na kufika saa 3:10 asubuhi, likiwa limekwenda kilomita 150. Wastani wa mwendokasi wake ni upi?

La kwanza lina sita tatu, hivyo ni 0.3. La pili lina sita tano na dakika 3 za ziada, hivyo ni 0.5 na 0.05, yaani 0.55. La tatu ni 5 kwa 60, saa 0.083, na aliyeandika 0.5 amezigeuza dakika zake kuwa nusu saa. La nne lina saa moja isiyoguswa na sita nane, hivyo ni saa 1.8. La tano linarudi nyuma: saa mbili zinabaki, 0.4 huzidishwa kwa 60, na jibu ni saa 2 na dakika 24, si dakika 40. La sita linapitia kwenye jiwe la saa 1 kamili. Kutoka 12:40 hadi saa 1 ni dakika 20, kutoka saa 1 hadi 3:10 ni saa 2 na dakika 10, jumla saa 2 na nusu. Kilomita 150 kwa 2.5 ni kilomita 60 kwa saa. Aliyegawanya kwa 2.3 amepata 65.2, na lori lake limeongezewa kilomita tano kila saa na nukta iliyokaa vibaya.

Wapangaji wa mbio za Vienna walizikwepa desimali kwa kuugeuza uhusiano huu chini juu. Badala ya kilomita kwa saa, walitumia dakika kwa kilomita, kama wafanyavyo wakimbiaji wengi. Lengo lilikuwa kila kilomita ikimbiwe kwa dakika 2 na sekunde 50 hivi, na gari lililotangulia lilimulika mistari ya mwanga barabarani ili wakimbiaji waone mahali wanapopaswa kuwa. Kipchoge alifika sekunde 20 kabla ya saa mbili kutimia. Kwa mwendo wake wa kilomita 21.16 kwa saa, ambao ni mita 5.88 kila sekunde, hizo sekunde 20 ni karibu mita 118 za barabara.